Filamu fupi ya dakika 10: panga stori kwa kutumia anachotaka na anachohitaji mhusika, kabla hujaandika skripti

Ukikaa kuandika skripti ya dakika 10 bila ramani, karibu kila mara utatoka na kurasa 17 au 18, na kila sini utaona ni muhimu, huwezi kukata hata moja. Mimi ilinitokea kwenye kazi yangu ya kwanza, tukashuti siku 4 badala ya 2, hela ikaisha, na kwenye editi tukatupa karibu nusu ya tulichoshuti. Ekta walikuwa wazuri na kamera ilikuwa nzuri. Shida ilikuwa mhusika wangu alikuwa anataka vitu vitatu kwa wakati mmoja na mimi mwenyewe sikujua stori ni ya kipi. Sasa nitaonyesha jinsi ninavyopanga siku hizi, hatua kwa hatua, na nitatumia stori moja tu mwanzo mpaka mwisho ili uone kazi yenyewe.

Stori ni hii: Bi Mwanaidi, mwanamke wa miaka 50 hivi, anaishi Ngamiani, Tanga, anakodisha vyombo vya shughuli, masufuria makubwa, sahani, mikeka. Kuna sufuria moja kubwa la kilo 20 za mchele lililokuwa la marehemu mama yake, limebaki kwa mdogo wake Rukia tangu arobaini ya mama. Dada hawa hawasemeshani. Leo kuna mteja anataka sufuria hilo kwa pilau ya harusi ya kesho. Basi, hiyo ndiyo stori yote, na kwa dakika 10 inatosha kabisa.

Hatua ya 1: hesabu muda wako kabla ya kitu chochote

Kipimo cha watu wa filamu ni ukurasa mmoja wa skripti iliyoandikwa kwa mpangilio wa kawaida ni kama dakika moja kwenye skrini. Sio sheria, maana ukurasa wa vitendo bila maneno unaweza kuchukua dakika na nusu na ukurasa wa watu wanaojibizana haraka ukaisha kwa sekunde 40, lakini ukijumlisha yote huwa inakaribia. Kwa hiyo dakika 10 ni kurasa 10, toa majina ya mwisho kama sekunde 30, unabaki na dakika 9 na nusu za stori.

Hizo dakika 9 na nusu mimi nazigawa hivi: sehemu ya kwanza dakika 2, sehemu ya pili dakika 5 na nusu, sehemu ya tatu dakika 2. Sehemu ya kwanza tunamjua mhusika na anachotaka, inaisha pale anapotoka kwenda kukifuata na hawezi tena kurudi nyuma kirahisi. Sehemu ya pili anakifuata na anazuiwa. Sehemu ya tatu anachagua, na tunaona bei ya alichochagua. Kwenye filamu ndefu sehemu ya kwanza inaweza kwenda dakika 25 au 30 na mtazamaji akavumilia, ila kwenye filamu fupi kama mpaka dakika ya 3 sijui huyu mtu anatafuta nini, nimeshachukua simu yangu.

Hapo kuna jambo la kwetu sisi tunaoandika Kiswahili, nalo ni salamu. Hujambo, sijambo, habari za huko, nzuri, watoto hawajambo, hawajambo, karibu, ahsante, hiyo ni sekunde 20 imeenda na hakuna kilichotokea, na ukiwa na sini 4 zenye salamu kamili umepoteza zaidi ya dakika. Sisemi ufute salamu, sisi ni watu wa salamu na mtazamaji atashangaa mtu akiingia nyumba ya watu bila hodi. Ingia kwenye sini salamu zikiwa zimeshaisha, au itumie salamu kufanya kazi. Kwenye stori yetu Mwanaidi anafika kwa mdogo wake na Rukia hampi shikamoo, anaendelea kuchambua mchele. Mtazamaji wa Tanga, Mombasa au Unguja hapo ameelewa kila kitu kuhusu hawa dada wawili, na haikuchukua hata sekunde 5.

Hatua ya 2: andika anachotaka kwa sentensi moja, na kiwe kitu cha kushikika

Anachotaka ni kile ambacho mhusika mwenyewe angekuambia ukimsimamisha barabarani ukamuuliza unakwenda wapi. Yeye anakijua. Kinatakiwa kiwe kitu ambacho kamera inaweza kukiona kimepatikana au kimekosekana. Watu wengi wanaandika "anataka furaha" au "anataka kuheshimiwa" halafu wanashangaa kwa nini sehemu ya pili haiandikiki. Furaha utaishuti vipi? Utajuaje kama ameipata? Lakini "anataka kulirudisha sufuria la kilo 20 kabla ya magharibi", hiyo ninaiona, nina kitu, nina saa, na najua dakika ya 9 itabidi nijibu kama amelipata au la.

Saa ni muhimu sana kwenye filamu fupi. Mteja kasema kirikuu inapita magharibi kubeba vyombo. Bila hiyo, Mwanaidi angesema nitaenda kesho, au nitamtuma mtoto, na filamu inakufa. Pia lazima kuwe na sababu ya kwa nini hawezi kusema samahani mteja wangu sina, kwa hiyo nimeweka kwamba ameshapokea elfu 40 na ameshaitumia. Tunaona anaipokea kwa mkono mmoja na kuitoa kwa mkono mwingine kwa mtu wa duka aliyekuwa anamdai, amesimama hapo hapo pembeni. Sekunde 10, na mlango wa kurudi nyuma umefungwa.

Hatua ya 3: tafuta anachohitaji, halafu kigeuze kiwe tendo

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo na hapa ndipo nakaa muda mrefu kuliko hatua nyingine zote, wakati mwingine siku nzima.

Anachohitaji ni kile asichokijua mwenyewe, au anakijua na anakikwepa. Kipo kwa sababu kuna jambo analoliamini ambalo sio kweli na linamuumiza yeye na watu wake. Mwanaidi anaamini alitimiza wajibu wake kwa mama. Mama alipougua miezi, yeye alikuwa anatuma hela, kila wiki, hajawahi kuchelewesha. Dawa alilipa yeye, maziko alilipa yeye, na arobaini pia. Kwa hiyo kichwani mwake Rukia hana cha kumlaumu, na sufuria ni haki yake. Lakini hakukaa na mama. Alikuwa akija anasimama mlangoni, anauliza dawa zipo, anaacha hela, anaondoka, kwa sababu hakuweza kumuona mama yake katika hali ile.

Nilipoandika hiyo sentensi, "hakukaa na mama", nikajua nimepata. Kwa Kiswahili kukaa ni neno moja linalobeba mambo mawili, kukaa chini kwenye kiti na kukaa na mtu, kumuuguza, kuwa naye. Kwa hiyo anachohitaji Mwanaidi ni kukaa. Na hilo ni tendo, linashutika! Rasimu ya kwanza nilikuwa nimeandika "anahitaji kukubali kosa lake na kusamehewa" na ningeiacha hivyo ningeishia na sini ya mwisho ya watu wawili wanalia na kuelezana. Sasa badala yake nina mwanamke ambaye kila anapokaribishwa anasema "Sikai, nina haraka", na mwishoni anakaa.

Kipimo ninachotumia kiko hivi: mhusika alikataa kufanya tendo gani kwenye dakika ya 1 ambalo analifanya kwenye dakika ya 9? Kama huwezi kulijibu kwa kitenzi kimoja, hitaji lako bado ni wazo, sio filamu. Rudi ukalitafute. Kupokea, kuomba, kusikiliza, kugusa, kuita mtu jina lake, kula chakula cha mtu, hivyo ni vitenzi vizuri. "Kujitambua" sio tendo, kamera haioni mtu akijitambua.

Kitu kingine, anachotaka na anachohitaji lazima vigongane. Hii watu wanaisahau. Kama Mwanaidi anaweza kuchukua sufuria NA kukaa na mdogo wake siku hiyo hiyo bila kupoteza chochote, hakuna uchaguzi, na bila uchaguzi sehemu ya tatu haipo. Ndiyo maana kirikuu inafika wakati mbaya kabisa, na ndiyo maana ndani ya sufuria kuna kitu, nitafika hapo.

Hatua ya 4: andika mwisho kabla ya katikati

Ukishakuwa na hizo sentensi mbili nenda moja kwa moja kwenye mwisho, usianze kuandika sini ya pili, ya tatu. Una njia 4 tu. Apate anachotaka na anachohitaji, akose vyote, apate anachotaka akose anachohitaji, au aache anachotaka apate anachohitaji. Kwa dakika 10 mimi naona mbili za mwisho ndizo zenye nguvu, kwa sababu zinaonyesha bei, na kupata vyote kwa muda mfupi hivi huwa kunaonekana kama zawadi kutoka kwa mwandishi.

Ningeweza kumuacha Mwanaidi abebe sufuria aondoke, mlango ufungwe, na kwenye kirikuu tumuone amesimama nyuma amelishika, bado hajakaa. Huo ni mwisho mzuri sana na wa huzuni, na muundo wake unasimama vizuri tu. Hitaji halilazimiki kutimizwa, linalazimika kutolewa mbele yake waziwazi, akalichagua au akalikataa. Mimi nimechagua aache sufuria. Bei yake ni kwamba lazima amlipe mteja kwa kitu, na hela hana, kwa hiyo anampa masufuria yake mawili ya kilo 10 bure kwa siku zote za harusi, na deni la elfu 40 linabaki palepale.

Halafu anarudi ndani na anakaa. Rasimu moja nilimalizia kwa Rukia kumpa shikamoo. Unaona jinsi inavyovutia, tumeinyima mwanzo tunaitoa mwisho. Nilimsomea dada mmoja anayeigiza, akaniambia Rukia aliyemgeuza mama yake kitandani miezi yote hawezi kumaliza hasira jioni moja, na akanionyesha kwa mwili wake alipokuwa amekaa chini: alisogea kidogo tu kwenye mkeka, kuacha nafasi, bila kuniangalia. Nikaandika hiyo.

Hatua ya 5: jaza katikati kwa njia tofauti za kujaribu, sio vikwazo vya aina moja

Sehemu ya pili inakufa kwa sababu moja kubwa, mhusika anagonga mlango uleule mara 4. Anaomba anakataliwa, anaomba tena anakataliwa tena. Kila jaribio liwe mbinu nyingine, na kila mbinu itufunulie kitu kipya juu yake na imsogeze karibu na lile analolikwepa.

Mwanaidi kwanza anatumia ukubwa. Yeye ni dada mkubwa, anasema lete sufuria, kama amri. Rukia anasema "Karibu ukae", yeye anajibu "Sikai, nimefuata sufuria langu", na Rukia anasema lina vitu, halitoki. Mbinu ya pili anatumia hela, maana ndiyo lugha anayoijua, anatoa noti anamwekea kwenye ungo wa mchele. Rukia anaiokota anamrudishia na kusema "Hela ulituma nyingi, dada. Hela haimgeuzi mtu kitandani." Hiyo ndiyo sentensi pekee kwenye sehemu ya pili inayogusa ugonjwa wa mama kabla ya katikati, na nimeiacha peke yake kwa makusudi, hakuna anayeijibu. Mbinu ya tatu ni kuiba. Rukia anachukua ndoo anaenda bombani, Mwanaidi anaingia chumbani kwa mama.

Sasa katikati kabisa ya filamu, kama dakika ya 5, fanya kitu ambacho watu wengi wanakiogopa, mpe mhusika anachotaka. Mwanaidi analiona sufuria chini ya kitanda, analivuta, ni zito. Anafunua mfuniko. Ndani kuna kanga za mama, zimekunjwa vizuri, hazijagawiwa. Sufuria amelipata, ila ili alichukue lazima azitoe kanga za mama kwa mikono yake, moja moja. Kuanzia hapo stori sio tena "atalipata?", ni "ataweza?". Ukiona katikati yako haibadilishi swali la mtazamaji, basi ni kikwazo kingine tu, sio katikati.

Rukia anamkuta. Hapigi kelele, anasema maliza kutoa, chukua. Halafu anauliza, "Ulikaa naye siku ngapi?" Mwanaidi anajibu "Nilikuwa natuma hela", na kwa mara ya kwanza tunaliona jibu hilo likimtoka na yeye mwenyewe akilisikia. Nje honi ya kirikuu.

Hatua ya 6: panga kadi na uzipe sekunde

Chukua karatasi, kata kadi, kila sini kadi moja. Kwa dakika 10 nakaa kati ya sini 7 na 10, zaidi ya hapo kila sini inakuwa fupi mno na unahamisha vifaa kutwa nzima. Kwenye kadi naandika mahali, nani yupo, nini kinabadilika, na muda. Nini kinabadilika ndiyo muhimu, kama mtu anaingia na kutoka kwenye sini hali ikiwa ileile, hiyo kadi haina kazi. Za Mwanaidi zilikaa hivi:

1. Uani kwa Mwanaidi, alasiri. Mteja anamkumbusha sufuria na kirikuu ya magharibi, hela inapokelewa na kutoka. Mteja amekaa, Mwanaidi amesimama. Dakika 1.
2. Stoo. Masufuria yamepangwa, sakafuni kuna duara kubwa la masizi mahali sufuria lilipokuwa linakaa. Kijana wa kazi anauliza "Lile si lipo kwa mama mdogo?" Kimya. Sekunde 40.
3. Mwanaidi nyuma ya baiskeli, anakwenda. Sekunde 20. Hapa sehemu ya kwanza imeisha, dakika 2 kamili.
4. Baraza la Rukia. Hakuna shikamoo. "Sikai." Amri inashindwa. Dakika 1 na nusu.
5. Baraza lilelile, hela kwenye ungo. Sekunde 45.
6. Chumba cha mama, sufuria chini ya kitanda, kanga. Dakika 1, tupo 5:15.
7. Chumbani, Rukia mlangoni, "Ulikaa naye siku ngapi?" Dakika 1 na nusu.
8. Ukumbini. Mwanaidi amebeba sufuria tupu, honi, amesimama kizingitini. Sekunde 45, tupo 7:30, mwisho wa sehemu ya pili.
9. Nje kwenye kirikuu. Anamwambia mteja akachukue masufuria mawili nyumbani kwake, mteja anakasirika, gari linaondoka. Dakika 1.
10. Chumbani. Anarudisha sufuria, anakaa, anauliza "Usiku alikuwa anasema nini?" Rukia anasogea kwenye mkeka. Dakika 1. Tupo 9:30.

Angalia lile duara la masizi kwenye kadi ya 2. Ningeweza kumfanya mtu aeleze kwamba sufuria lilikuwa hapa na sasa halipo na dada wamegombana, lakini duara limesema. Ukipanga kwa kadi unapata muda wa kutafuta vitu kama hivyo, ukishaingia kwenye dayalogi huwa unasahau kuangalia sakafu.

Na angalia kadi ya 8, hakuna mtu anayesema neno. Hapo ndipo uamuzi unafanyika na mimi nimeupa sekunde 45 nzima. Usiuharakishe. Kama una haraka kata kwenye kadi ya 4, usikate hapo.

Hatua ya 7: pima kadi kabla ya kuandika skripti

Kipimo cha kwanza, simulia stori kwa sauti kwa mtu, kadi kwa kadi, na sikiliza neno unaloweka katikati. Ukisema "halafu... halafu... halafu" kadi zako zimepangwa tu, hazisukumani. Unataka "kwa hiyo" au "lakini". Ameshatumia hela, kwa hiyo lazima aende kwa Rukia, lakini Rukia anakataa, kwa hiyo anajaribu hela, lakini inarudishwa, kwa hiyo anaingia kuiba, lakini ndani kuna kanga. Nilikuwa na kadi moja ambapo njiani anakutana na shoga yake wanaongea juu ya mama, ilikuwa nzuri sana, ila iliingia kwa "halafu" na kutoka kwa "halafu". Niliitoa na hakuna kilichoanguka.

Kipimo cha pili, chukua simu, weka saa, na uigize kila kadi peke yako chumbani, ukitembea, ukivuta sufuria la kufikirika, ukifunua mfuniko. Utashangaa. Kutoa kanga moja moja niliipa sekunde 30 kichwani na ilichukua zaidi ya dakika moja, kwa hiyo nikaamua ndani kuna kanga 4, sio sufuria zima hadi juu, na hilo likabadilisha hata mambo ya kununua vifaa.

Kipimo cha tatu ndicho kigumu. Angalia kama kuna mtu yeyote anayelitamka hitaji. Kwenye stori zetu mara nyingi anakuja mzee, au shehe, au bibi jirani, anatoa mawaidha, na mhusika anabadilika. Nawaheshimu wazee na maishani kweli wanatusaidia, lakini kwenye filamu huyo mzee amefanya kazi ambayo mhusika alitakiwa aifanye. Dalili yake ni kwamba ukimtoa mzee, mhusika hana sababu ya kubadilika. Kwa Mwanaidi kilichombadilisha ni kanga, mikono yake mwenyewe, na swali la mtu aliyeumia. Hakuna aliyemwambia afanye nini. Vilevile ukijikuta unahitaji kurudisha stori nyuma kuonyesha mama akiwa mgonjwa, simama kwanza, mara nyingi ni ishara kwamba hitaji halijapata kitu cha kulibeba kwenye wakati wa sasa. Nilikuwa na sini ya nyuma ya mama kitandani, dakika moja na nusu, na siku niliyopata wazo la kanga ndani ya sufuria nikaifuta bila maumivu.

Na kuna kipimo cha uzalishaji ambacho kinatakiwa kifanyike sasa, sio siku ya kushuti. Stori yangu inaisha magharibi, na kwetu karibu na ikweta giza linaingia haraka sana, jua likizama una kama dakika 20 za mwanga wa kushutia, basi. Sini ya 9 iko nje jioni, kwa hiyo hiyo peke yake ndiyo nimeipa mwanga huo, maneno machache, shoti mbili au tatu, na mazoezi mchana. Sini za 6, 7, 8 na 10 ziko ndani kwa makusudi, dirisha linazibwa kwa kitambaa na taa inafanya jioni saa yoyote unayotaka. Ukiwa na timu ndogo kurasa 4 au 5 kwa siku ni kazi ya kutosha, kwa hiyo hizi ni siku 2, na nyumba ya Rukia peke yake inabeba zaidi ya nusu ya filamu. Hilo pia ni sababu ya kubaki na mahali pachache wakati wa kupanga.

Zipo filamu fupi ambazo mpango huu hauzifai. Kama unataka kuonyesha hali tu, mfano asubuhi moja ya mvuvi baharini, au kichekesho cha dakika 3 chenye mzunguko mmoja, ukilazimisha hitaji na sehemu tatu utaiharibu. Lakini kama stori yako ina mtu anayefuata kitu na mtu mwingine amesimama mlangoni, jaribu kwa kadi kwanza.

Ukimaliza vipimo ndipo ufungue skripti, na anza na sini ya 10, sio ya 1. Mimi niliandika ya Mwanaidi kukaa kwanza, mistari 11 tu, na nilipojua anakaaje, mguu upi anaukunja, anashika nini mkononi, nikajua pia kwenye sini ya 1 anatakiwa asimame vipi.